UZI: Zuhura na Mirihi zote zina hewa ukaa zaidi ya asilimia 95. Kwa nini moja ni moto wa kuyeyusha risasi na nyingine ni barafu?

Kijumbamshale
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua na naomba wenye ujuzi wanisaidie.

Angahewa ya Zuhura ni hewa ukaa asilimia 96.5. Ya Mirihi ni asilimia 95. Kwa maneno mengine ni hewa moja. Lakini uso wa Zuhura una nyuzi 464 za Selsiasi, usiku na mchana, ikweta na ncha zake, wakati wastani wa Mirihi ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri. Kama hewa ukaa ndiyo inayoshika joto, Mirihi imekosea wapi?

Tafadhali msinijibu "Zuhura iko karibu na jua" tukaishia hapo. Zebaki iko karibu zaidi, na mchana wake unafika nyuzi 430 tu, usiku inashuka hadi 180 chini ya sifuri.

Mgeni_Njiani
Zuhura iko karibu na jua bwana, mbona umeshajijibu mwenyewe? Mirihi iko mbali, ni baridi. Uzi ufungwe.

Fizikia_F5
Usifungwe kwanza. Twende kwa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sayari isiyo na msaada wowote wa angahewa inapata joto lake kutokana na mambo mawili: umbali wake na jua, na sehemu ya mwanga inayorudishwa angani bila kufyonzwa. Kanuni yake ni hii, d ni umbali ukilinganisha na umbali wa Dunia, A ni sehemu ya mwanga inayorudishwa, na jibu linatoka kwa kelvini:

```
T = 278.5 * (1 - A)**0.25 / d**0.5
```

Zuhura: d ni 0.723, A ni 0.76 kwa sababu mawingu yake ni meupe mno. Jibu ni 229, yaani nyuzi 44 chini ya sifuri. Dunia: A ni 0.30, jibu ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Mirihi: d ni 1.524, A ni 0.25, jibu ni nyuzi 63 chini ya sifuri.

Angalieni hapo. Kwa mwanga inaoufyonza leo, Zuhura ilipaswa kuwa baridi kuliko Dunia. Juu ya mawingu yake zinafika wati 2,600 kwa kila mita ya mraba, karibu mara mbili ya zetu, lakini robo tatu inarudi ilikotoka. Ukigawa kwa eneo zima la sayari, Zuhura inafyonza wati 156 kwa mita ya mraba na Dunia inafyonza 238. Tofauti iliyobaki, kutoka 44 chini ya sifuri hadi 464, ni kazi ya angahewa peke yake. Ni zaidi ya nyuzi 500. Kwa Mirihi kazi ya angahewa ni kama nyuzi 5.

Kwa hiyo ndugu Mgeni, umbali una kazi yake, lakini ilikuwa zamani sana. Hilo nawaachia wanaojua historia ya sayari.

Darubini70
Hii imenigusa. Nina darubini ndogo ya lenzi ya milimita 70. Zuhura nikiitazama jioni naiona kama mwezi mchanga, nyeupe inang'aa mno, lakini hakuna alama hata moja juu yake. Nilidhani lenzi ina ukungu, nikaifuta weee. Mirihi angalau ikikaribia naona doa jeusi na ncha nyeupe. Je, lenzi ni mbovu?

Fizikia_F5
Lenzi yako nzima, usiendelee kuifuta utaikwaruza. Unachokiona ni ile A ya 0.76. Ni kilele cha mawingu ya asidi ya salfuriki yaliyofunika sayari nzima, kuanzia kimo cha kilomita 48 hadi kama 70. Kwa mwanga wa kawaida hakuna darubini inayopenya hapo chini. Ramani nzuri ya uso wake ilichorwa na chombo Magellan kwa rada, kati ya 1990 na 1994. Ukipata kichujio cha urujuani unaweza kubahatisha michirizi hafifu ya mawingu, lakini kwa milimita 70 usitegemee makubwa.

Mawe_Chokaa
Mwalimu kaweka msingi mzuri. Naomba nijibu swali la mwenye uzi lenyewe.

Asilimia inakudanganya, Kijumbamshale. Asilimia 95 ya nini? Chukua mgandamizo wa hewa usoni, gawa kwa mvutano wa sayari, unapata uzito wa hewa iliyosimama juu ya kila mita ya mraba. Zuhura ina bari 92, yaani kama mara 90 ya mgandamizo wa hewa yetu, na mvutano wa 8.87, kwa hiyo kila mita ya mraba imebeba takriban tani 1,000 za hewa. Dunia ni tani 10 na kidogo. Mirihi ina milibari 6 hivi na mvutano wa 3.71, inatoka kama kilo 160.

Chombo Venera 13 cha Wasovieti kilitua Zuhura tarehe 1 Machi 1982 kikapima nyuzi 457 na bari 89. Kilikuwa kimejengwa kama mtungi mnene wa kuzamia baharini, na bado kilidumu dakika 127 tu kabla ya joto kuingia ndani. Kwa joto na mgandamizo huo hewa ukaa si gesi ya kawaida tena wala si kimiminika. Ni kitu cha katikati, kizito, na upepo wa mwendo wa mtu anayetembea unaweza kusukuma changarawe.

Kijumbamshale
Asante mkuu. Ila sasa umenizidishia swali. Kilo 160 za hewa ukaa kwa mita ya mraba Mirihi. Sisi hapa Dunia tuna ngapi? Maana hewa ukaa kwetu ni kidogo sana.

Mawe_Chokaa
Hapo umeuliza swali zuri kuliko la kwanza. Kwetu ni kama kilo 6 na nusu. Ndiyo, Mirihi ina hewa ukaa zaidi ya mara 20 ya yetu juu ya kila mita ya mraba, na bado haipati joto.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, hewa ukaa haifyonzi miale yote ya joto, inafyonza sehemu zake chache tu, kama mistari myembamba. Molekuli zikibanwa na kugongana mara kwa mara, ile mistari inapanuka na kuziba mianya iliyo katikati. Mirihi mgandamizo ni mdogo mno, mistari inabaki myembamba, na joto linapita pembeni yake hadi angani. Zuhura mistari imepanuka mpaka imeshikana, na mianya iliyosalia inazibwa na mvuke kidogo, gesi ya salfa na yale mawingu.

Ya pili ni maji. Kwetu mvuke wa maji ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kushika joto, hewa ukaa ni kama msimamizi wake. Mirihi ni baridi, mvuke hauwezi kukaa hewani, kwa hiyo msimamizi yupo na kibarua hakuna.

Upepo_wa_Kusi
Mnazunguka mbuyu wakuu. Jibu la Mirihi linajulikana: ilipoteza uga wa sumaku. Kiini chake kilipoa, uga ukafa, upepo wa jua ukapeperusha angahewa yote. Dunia tuna uga, ndiyo maana tuna hewa. Mambo yameisha.

Fizikia_F5
Na Zuhura ina uga wa sumaku kiasi gani?

Upepo_wa_Kusi
Nadhani unao, si ina ukubwa karibu sawa na Dunia?

Fizikia_F5
Haina. Haina uga wa sumaku wake wenyewe unaopimika, iko karibu zaidi na jua, inapigwa na upepo wa jua mkali zaidi, na imebaki na bari 92. Kwa hiyo "uga ukifa hewa inaisha" haiwezi kuwa sheria.

Mawe_Chokaa
Upepo_wa_Kusi hajakosea yote, tumpe haki yake. Uga wa Mirihi ulikufa kweli, kama miaka bilioni 4 iliyopita. Chombo Mars Global Surveyor kilikuta miamba ya kale ya kusini bado ina sumaku, lakini ndani ya bonde kubwa la Hellas, lililochimbwa na pigo la kimondo, hakuna. Miamba ile ilipopoa baada ya pigo, haikukuta uga wa kuirithi. Na hewa imetoroka kweli, chombo MAVEN kilianza kuipima 2014.

Lakini kinachoamua ni uzito wa sayari. Mirihi ni moja ya kumi ya Dunia kwa uzito. Kitu kikitaka kuitoroka kinahitaji kasi ya kilomita 5 kwa sekunde. Zuhura kinahitaji 10.4. Sasa angalia jambo hili linalotokea juu kabisa ya angahewa zote mbili: mwanga wa jua unaondoa elektroni kwenye molekuli ya oksijeni, elektroni nyingine inairudia, na molekuli inapasuka vipande viwili vinavyoruka kila kimoja upande wake. Kasi yake ya juu ni kama kilomita 6 na nusu kwa sekunde. Mirihi hiyo inatosha, atomu imeondoka moja kwa moja. Zuhura haitoshi, inapanda kisha inarudi kuanguka. Tukio ni lile lile na jua ni lile lile. Na tukio hili halisubiri uga wa sumaku ufe ndipo litokee.

Upepo_wa_Kusi
Sawa, hiyo ya kasi nimeikubali. Lakini mnasemaje uga hauna maana kabisa? Nimesoma mara nyingi kwamba ni ngao.

Mawe_Chokaa
Sijasema hauna maana. Nasema wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Uga unazuia upepo wa jua kukwangua hewa moja kwa moja, lakini pia unakusanya nguvu ya upepo ule na kuielekeza kwenye ncha, na huko hewa inavuja. Dunia inapoteza oksijeni kila siku kupitia ncha zake. Kwa Mirihi ya mwanzo uga huenda ulisaidia. Kusema ndio chanzo kikuu, mimi sitii saini.

Kijumbamshale
Tunajuaje kwamba hewa ya Mirihi iliondoka kwenda juu na haikuzama ardhini? Hakuna aliyekuwepo.

Mawe_Chokaa
Kwa argoni. Ni gesi isiyoungana na kitu chochote, haiwezi kugeuka jiwe wala barafu kule, kwa hiyo njia yake ya kupotea ni angani tu. Ipo ya uzito wa 36 na ya uzito wa 38. Kwenye kimo cha juu ile nyepesi inazidi, kwa hiyo ndiyo inayokwanguliwa zaidi. Kwetu kuna atomu 5.3 nyepesi kwa kila moja nzito. Kigari Curiosity kilipopima Mirihi kikapata 4.2. Timu ya MAVEN ikachanganya hiyo na vipimo vyake vya tabaka za juu, na 2017 ikatangaza kwamba kama theluthi mbili ya argoni ya Mirihi ilishatoroka. Kwa hewa ukaa, makadirio yao ya 2018 ni kwamba iliyopotea angani inaweza kufika bari 0.8 au zaidi. Ukijumlisha na iliyobaki, unakaribia mgandamizo wa hewa ya Dunia.

Kuna iliyoingia ardhini pia. Mwaka 2025 timu ya Curiosity ilitangaza kwamba mawe kadhaa yaliyochimbwa ndani ya kreta ya Gale yana madini ya kaboneti ya chuma, asilimia 5 hadi 10 ya uzito. Kama mawe ya namna hiyo yamesambaa, kuna hewa nyingi imefungwa humo. Kama ni ya Gale tu, hesabu haibadiliki sana.

BintiMatumbawe
Naomba kuuliza kama si nje ya mada. Sisi huku pwani tunachoma mawe ya matumbawe kwenye tanuu kupata chokaa. Niliwahi kusikia kwamba moshi wake ndio hewa ya Zuhura. Ni kweli au ni porojo?

Mawe_Chokaa
Dada, hauko nje ya mada, umeigonga katikati. Kilo 100 za mawe ya chokaa safi zikiungua sawasawa zinatoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ukaa. Ndiyo maana jiwe linaingia zito na kutoka jepesi. Mlima wa Wazo pale Dar es Salaam na miamba ya matumbawe ya Mombasa na Unguja ni hewa ukaa iliyofungwa kwa mawe.

Ukikusanya mawe ya namna hiyo ya Dunia nzima na kuyachoma yote, unapata hewa ukaa ya makumi ya bari. Yaani Dunia na Zuhura zilizaliwa na mtaji wa kaboni unaokaribiana. Yetu iko chini, yao iko hewani.

Na kilichoishusha yetu ni maji. Mvua inachukua hewa ukaa, inakuwa asidi hafifu, inakula miamba, mito inapeleka chumvi zake baharini, na huko zinageuka chokaa. Bila maji mtambo wote unasimama. Volkano zinaendelea kutoa hewa ukaa na hakuna anayeirudisha.

Kijumbamshale
Basi swali linakuwa: maji ya Zuhura yalikwenda wapi?

Mawe_Chokaa
Ndipo umbali unapopata kazi yake, ule wa ndugu Mgeni. Jua changa lilikuwa na kama asilimia 70 ya nguvu ya sasa. Hata hivyo Zuhura ilikuwa ikipokea mwanga kuzidi unaoifikia Dunia leo kwa theluthi moja hivi.

Dunia inalindwa na baridi ya juu. Ukipanda kilomita 17 hivi juu ya ikweta hewa ni nyuzi 80 hivi chini ya sifuri. Mvuke ukifika pale unaganda na kurudi chini, na unaopenya kwenda juu zaidi ni molekuli chache tu kwa kila milioni. Sayari ikipata joto zaidi, mvuke unaongezeka, mvuke wenyewe unashika joto, joto linaleta mvuke mwingine, na ile baridi ya juu inapanda na kulegea. Mvuke unafika mahali ambapo mwanga wa urujuanimno wa jua unaupasua. Haidrojeni ni nyepesi, inaondoka hata kwenye sayari yenye mvutano mkubwa. Oksijeni nyingi inabaki na kuliwa na miamba. Haidrojeni ikishaondoka, maji hayarudi tena.

Ushahidi ni haidrojeni nzito, ile yenye uzito mara mbili, ambayo inatoroka kwa shida. Chombo Pioneer Venus kilichofika 1978 kilionyesha kwamba uwiano wake Zuhura ni zaidi ya mara 100 ya ule wa maji yetu. Nyepesi imeondoka, nzito imebaki kama masimbi. Leo mvuke wote wa Zuhura ukiushusha na kuutandaza usoni unapata sentimita chache tu.

Upepo_wa_Kusi
Kwa hiyo Zuhura ilikuwa na bahari. Hiyo nimeielewa.

Fizikia_F5
Hapana, usikimbilie huko. Uwiano ule unakwambia kulikuwa na maji mengi zaidi, haukwambii yalikuwa bahari au mvuke. Mwaka 2016 Michael Way na wenzake walionyesha kwa modeli kwamba Zuhura inayozunguka polepole, siku yake moja miezi kadhaa yetu, inajenga wingu nene upande wa mchana na linaweza kuilinda bahari kwa muda mrefu sana. Mwaka 2021 Martin Turbet na wenzake wakajibu kwenye jarida la Nature: kama ilianza ikiwa moto na maji yake yote ni mvuke, mawingu yanajikusanya upande wa usiku, yanazuia joto kutoka, na ule mvuke haupati nafasi ya kunyesha hata mara moja. Modeli zote mbili zina fizikia safi. Zinatofautiana pa kuanzia.

Mawe_Chokaa
Naelekea kwa Turbet, ingawa kuna wenzangu watanipinga. Uwiano wa haidrojeni nao una mwanya wake: ukileta maji kidogo kidogo kwa vimondo na volkano huku yakitoroka, unaweza kufika namba kubwa bila kuhitaji bahari.

Mgeni_Njiani
Haya, nimekubali kusoma. Swali langu dogo: kwa nini tusiyeyushe zile ncha nyeupe za Mirihi irudi kuwa na joto? Hewa ukaa si imeganda pale?

Mawe_Chokaa
Imeganda, lakini kidogo. Kila msimu wa baridi kama robo ya hewa ya Mirihi inaanguka kuwa barafu kavu kwenye ncha. Chombo Viking 1 kilichotua 1976 kilipima mgandamizo ukipanda na kushuka kati ya milibari 7 na 9 kwa mwaka wake mmoja. Ukiongeza akiba yote ya kudumu ya kusini unaweza kuzidisha hewa iliyopo mara mbili hivi. Milibari 12 bado ni hewa nyembamba, joto litapanda nyuzi chache tu. Wanasayansi Jakosky na Edwards walipiga hesabu hiyo mwaka 2018, wakiweka ndani hata iliyomo kwenye udongo na madini yanayofikika. Haitoshi.

Tena hapo ndipo hewa ukaa inapojifunga yenyewe kwenye sayari ya baridi. Ukiizidisha kuna mahali inaanza kuganda juu angani na kuwa mawingu, na kwa jua lile changa modeli nyingi zinashindwa kuipandisha Mirihi hadi nyuzi sifuri kwa hewa ukaa peke yake, hata ukiipa bari kadhaa.

Kijumbamshale
Ngoja kwanza. Kama hewa ukaa ilishindwa, ile mito ya zamani ya Mirihi ilitiririka na nini? Delta ya Jezero ambako kigari Perseverance kilitua 2021 ipo, tumeiona kwenye picha.

Mawe_Chokaa
Hilo halijapata jibu. Wapo wanaoongeza haidrojeni ya volkano, maana molekuli zake zikigongana na hewa ukaa zinaziba ile mianya niliyoitaja. Kimahesabu inafanya kazi kwa asilimia chache za haidrojeni, shida ni kuionyesha ilitoka wapi na ilidumuje wakati inatoroka haraka namna ile. Wapo wanaosema Mirihi ilikuwa barafu karibu muda wote, na mito ilitiririka kwa vipindi vifupi baada ya volkano au mapigo ya vimondo. Mabonde ya mito yapo ya aina zote mbili, kila upande unachagua yake.

BintiMatumbawe
Na kwa Zuhura kuna chombo kinachokwenda kukata hilo shauri la bahari?

Fizikia_F5
Kipo DAVINCI cha Marekani, kilichaguliwa 2021 na kinapangwa kwa miaka ya 2030. Kitateremsha kifaa hadi chini kikipima haidrojeni nzito na gesi kama argoni na zenoni njia nzima. Jambo la kuangalia ni zenoni. Pioneer Venus haikuweza kuipima vizuri, na ndiyo inayobeba kumbukumbu ya namna hewa ya mwanzo ilivyotoroka. EnVision ya Ulaya yenyewe itatafuta kwa rada na vipimo vya joto kama nyanda za juu za Zuhura zina mawe ya aina ya matale, ambayo kwetu yanahitaji maji ili yajengeke kwa wingi.